Nina uzoefu wa miaka 19, naomba kazi ya msaidizi, wananiogopa

Shikamoo mshauri,

Nina miaka 47, naishi Mbagala, Dar es Salaam. Nimefanya kazi ya uhasibu miaka 19, na ile 10 ya mwisho nilikuwa mhasibu mkuu wa kampuni ya uwakala wa forodha. Mwaka jana kampuni iliuzwa, wanunuzi wakaja na watu wao, sisi tukalipwa stahiki zetu tukaaga. Mshahara wangu ulikuwa milioni 2.8 kwa mwezi.

Nimeomba kazi za ngazi yangu, kimya. Nikaanza kuomba za chini: msaidizi wa hesabu, karani wa malipo. Mwezi uliopita niliitwa usaili kwenye kampuni ya kusambaza vipodozi. Meneja wa fedha ni kijana wa miaka 30 hivi. Aliniamkia vizuri, akafunua wasifu wangu, akauliza: "Mama, kutoka kuwa bosi hadi kupanga vocha, si utachoka?" Nikamjibu, "Mwanangu, shida hazichagui. Nitafanya chochote, na mshahara wowote mtakaosema nitapokea." Wakatazamana. Sikuitwa tena. Mtu wa humo ndani akaniambia walisema nimezidi sifa, na umri umekwenda.

Sasa nimeitwa tena, wiki mbili zijazo, kampuni ya vifaa vya ujenzi, nafasi ya msaidizi wa hesabu, mshahara laki sita. Nyumba ni yetu. Mume wangu ana karakana ya kuchomelea vyuma. Mtoto mkubwa amemaliza chuo, mdogo yuko kidato cha tatu shule ya serikali. Shemeji yangu anasema nifute miaka yote kwenye wasifu, nifiche shahada ya uzamili, nipake nywele rangi. Rafiki yangu anasema ninajidhalilisha, nisubiri cheo changu. Nikiulizwa tena swali lile, niseme nini?

Mama wa Mbagala

JIBU

Marahaba, dada yangu.

Nianze na pale walipotazamana. Ulidhani unajishusha ili wakupokee, na nia yako ilikuwa njema. Lakini mtu akisema "nitafanya chochote, mshahara wowote", aliyekaa upande wa pili wa meza anasikia kitu kingine kabisa: huyu hajaichagua kazi yetu, ameikuta tu njiani, na siku akipigiwa simu ya kazi ya milioni mbili hatamaliza hata mwezi. Nimekaa upande huo wa meza kwa muda mrefu, na sijawahi kuona mwombaji akikataliwa kwa sababu anajua mno. "Amezidi sifa" ni neno la adabu. Linafunika hofu, na hofu yenyewe inategemea ni nani anayezungumza. Ofisa rasilimaliwatu anaogopa kwamba utaondoka, na yeye aanze upya kutangaza, kuchuja na kusaili. Mwenye kampuni anaogopa kwamba baada ya miezi mitatu utaanza kudai nyongeza. Meneja wa fedha, yule atakayekusimamia, anaogopa jambo ambalo hatalitamka mbele ya wenzake: nitamwambiaje mama huyu kwamba amekosea?

Ukijibu neno lenyewe, ukasema "hapana, sijazidi sifa", hutagusa hata mmoja wao. Inabidi ujibu hofu, na kila hofu ina jibu lake.

Kabla ya hapo naomba niulize jambo ambalo pengine halitakufurahisha. Una uhakika gani kwamba ulikataliwa kwa ajili ya umri? Unayo maneno ya mtu wa ndani, naye huenda alisikia nusu ya mazungumzo. Kuna uwezekano mwingine ambao mhasibu mkuu husahau kuufikiria. Kwa miaka 10 ulikuwa unasaini. Vocha zilikuja mezani zimeshaandaliwa, ankara zimeshaingizwa, na kazi yako ilikuwa kuona kama ziko sawa. Mara ya mwisho kuketi mwenyewe ukaingiza ankara 80 kwenye mfumo kwa siku moja ni lini? Anayeajiri msaidizi anatafuta mikono, na anaweza kuwa na shaka na mikono yako kuliko na miaka yako.

Kampuni nyingi siku hizi humpa mwombaji wa nafasi kama hii jaribio la vitendo. Mara nyingi ni kulinganisha daftari la fedha na taarifa ya benki. Tuseme daftari linaonyesha salio la 14,250,000 na taarifa ya benki inaonyesha 15,830,000. Ndani yake wameficha mambo matatu: hundi ya 2,300,000 uliyoandika lakini mlipwaji hajaipeleka benki, fedha 675,000 zilizopelekwa benki jioni ya tarehe 31 na hazijaonekana kwenye taarifa, na makato ya benki ya 45,000 ambayo hayajaingizwa kwenye daftari. Unaanza na 15,830,000, unatoa 2,300,000, unaongeza 675,000, unapata 14,205,000. Upande wa daftari unatoa 45,000 kutoka 14,250,000, unakutana palepale. Hili unalijua usingizini, najua. Lakini kulijua ni jambo moja, na kukaa mbele ya Excel ukaweka alama mstari kwa mstari, ukaona ile hundi kati ya miamala 200 huku saa inakwenda, ni jambo jingine. Kijana aliyefanya kazi hiyo kila siku mwaka mzima atakuacha mbali kama hujajinoa.

Bahati nzuri una karakana nyumbani. Chukua risiti, ankara na taarifa za benki za mumeo za miezi mitatu iliyopita, uziingize mwenyewe kwenye kompyuta, mwezi baada ya mwezi, mpaka hesabu zikubaliane. Mtoto wako mkubwa akae pembeni, na pale unapotafuta kitufe kwa muda mrefu akuonyeshe njia ya mkato. Ukimaliza utakuwa na kitu cha kusema kwenye usaili ambacho si cha mwaka 2010: "Wiki iliyopita nimefunga hesabu za miezi mitatu za biashara ya familia, nimeingiza kila ankara kwa mkono wangu." Sentensi hiyo ina nguvu kuliko kueleza tena uliongoza watu wangapi. Na ukigundua katikati ya zoezi kwamba kazi hiyo inakuchosha roho, afadhali ulijue hilo nyumbani kuliko ofisini kwa watu.

Sasa hofu ya kuondoka. Ushauri unaotolewa sana ni kusubiri waulize. Mimi naona wewe huna sababu ya kusubiri, kwa kuwa wamekwisha kuuona wasifu wako na wamekuita hata hivyo. Swali liko mezani tayari. Wasipouliza, wataliongea ukishatoka, na hapo hutakuwepo kujibu. Kwa hiyo wakikwambia "tueleze kuhusu wewe", unaweza kulitoa mwenyewe kwa maneno machache, mfano wa haya:

"Mmeona kwamba nilikuwa mhasibu mkuu, na pengine mnajiuliza kwa nini naomba nafasi hii. Kampuni iliuzwa na nafasi yangu ikaisha. Kwa sasa sitafuti kuongoza idara. Hesabu za kila siku nazijua na nimerudi kuzifanya kwa mikono yangu. Mshahara mliotangaza nimeupigia hesabu na nyumbani kwangu unatosha. Nikianza, nitakuwepo mpaka hesabu za mwaka zifungwe na wakaguzi wamalize."

Angalia ile ahadi ya mwisho. Ukiahidi miaka mitano hakuna atakayekuamini, hata kijana wa miaka 24 haaminiki akisema hivyo. Lakini kufunga mwaka na kuwavusha wakaguzi ni kipimo ambacho kila mtu wa fedha anakielewa, maana ndicho kipindi ambacho msaidizi akiondoka meneja hapati usingizi. Tatizo ni moja tu, nalo ni lako peke yako kulipima: je, ni kweli? Kama bado unatuma maombi ya uhasibu mkuu kila wiki na ukiitwa utaondoka, usiseme maneno hayo. Mji huu ni mkubwa lakini watu wa fedha wanajuana, hasa kupitia wakaguzi wanaozunguka kampuni moja hadi nyingine. Unaweza kusema ahadi fupi zaidi iliyo ya kweli, kwa mfano kwamba hutaondoka bila kumfundisha atakayekupokea. Hiyo ni dhaifu kidogo, lakini utaisimamia.

Na maneno hayo yana hatari yake pia. Ukiyasema kwa muda mrefu, ukaanza kusimulia jinsi kampuni ilivyouzwa na wanunuzi walivyowatendea, paneli itasahau ulichoomba na kukumbuka uchungu wako. Yaishe ndani ya dakika moja, halafu urudi kwenye kazi.

Kuhusu yule meneja kijana, hapa ndipo nataka tukae kidogo. Alikuamkia shikamoo, jambo jema, na malezi yake yameonekana. Lakini fikiria alivyokuwa ndani yake. Mtu anayempa shikamoo asubuhi ndiye huyo huyo saa nne anayetakiwa kumwambia: rudia hii, umekosea, nataka kabla ya mchana. Kwetu hilo si jambo dogo. Wapo mameneja wanaoacha kosa lipite kuliko kumwambia mtu wa rika la mama yao. Nawe, pasipo kukusudia, ukamwita "mwanangu". Kwa mtaani ni upendo. Kwenye chumba cha usaili umekuwa mama na yeye amekuwa mtoto, mbele ya wenzake, kabla hata hujaajiriwa.

Safari hii pokea shikamoo yake kwa ukunjufu kama itakuja, kisha umwite kwa cheo chake au kwa namna wenzake wanavyomwita. Wakikuuliza kama utaweza kuongozwa na mtu mdogo kuliko wewe, usijibu "heshima ni kitu cha bure" au "mimi sina shida". Kila mwombaji husema hivyo. Wewe una ushahidi ambao wengi hawana, na nashangaa kwamba hukuutumia. Wakaguzi wa nje waliokuwa wakija kila mwaka walikuwa na umri gani? Wengi wao ni vijana waliotoka chuoni miaka miwili mitatu iliyopita. Wanakuja na orodha ndefu: tunataka mikataba hii, ankara hizi, maelezo ya tofauti hii, mpaka kesho saa sita. Nawe, mhasibu mkuu, ulikuwa unawatafutia, na wakirudisha kazi unarekebisha. Kisimulie kisa kimoja cha kweli: mkaguzi gani kijana aliona kosa kwenye hesabu zako, alikwambiaje, wewe ulifanya nini siku hiyo hiyo. Nusu dakika tu. Meneja atajiona ndani ya kile kisa na ataona kwamba inawezekana.

Ipo hofu nyingine upande wake ambayo hutaiona kirahisi: kwamba umekuja kwa kiti chake. Dalili yake ni maswali kama "idara yako ilikuwa na watu wangapi?" au "ungeingia hapa ungebadilisha nini?" Swali hilo la pili ni mtego hata kama mwulizaji hakukusudia. Ukitoa orodha ya mambo wanayokosea, umejithibitisha kuwa bosi. Ukisema "hakuna", umeonekana huna mawazo. Unaweza kumjibu kwamba miezi ya kwanza ungependa kujifunza utaratibu wao, na ukiona jambo utamwambia yeye kwanza. Maneno "yeye kwanza" ndiyo anayoyasubiri.

Tuje kwenye mshahara. Laki sita kwenye tangazo si laki sita mkononi, na wewe unalijua hilo kuliko mimi. Ukitoa asilimia 10 ya NSSF inabaki 540,000. Kwa viwango vya sasa vya kodi ya mshahara, kiasi hicho kinakatwa 24,000. Unabaki na 516,000, kabla ya nauli ya kila siku na chakula cha mchana. Yule meneja wa fedha anaipiga hesabu hiyo kichwani huku anakutazama, anaiweka pembeni ya milioni 2.8, na anajiambia kwamba haiwezekani. Ndiyo maana "mshahara wowote" haikumtuliza. Unachoweza kumpa ni sababu: hulipi kodi ya nyumba, mtoto mmoja amemaliza chuo, mwingine anasoma shule ya serikali, na nyumbani kuna kipato kingine. Huna haja ya kufungua maisha yako yote mbele ya wageni. Sentensi moja inatosha, kwamba nyumba ni yenu na majukumu makubwa ya ada yamepungua. Wakiuliza mshahara wako wa zamani, useme ukweli kwa utulivu kisha urudi kwenye kiasi walichotangaza. Kukwepa swali hilo huwafanya wakisie, na makisio yao huwa makubwa kuliko ukweli.

Lakini hesabu hiyo uifanye kwanza na mumeo, siyo kwa ajili ya usaili. Karakana inaingiza kiasi gani miezi mibaya? Kama jibu ni kwamba 516,000 haitoshi, basi hofu yao ni ya haki, na hakuna maneno yatakayoiondoa.

Shemeji yako sasa. Ana nia nzuri, ila ushauri wake una matundu. Kufuta miaka kwenye wasifu hakufichi kitu hapa kwetu. Utaombwa nakala ya cheti cha kidato cha nne, nacho kina mwaka. Utaombwa namba ya kitambulisho cha taifa, na tarakimu nane za mwanzo za namba ya NIDA ni mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa. Umri wako unasomeka kabla hujafungua mdomo. Anayeona miaka imefutwa huanza kujiuliza ni nini kingine kimefutwa. Ukitaka, unaweza kufupisha: eleza kwa kina miaka 10 au 12 ya karibuni, na kazi za zamani uzitaje kwa mstari mmoja. Huko ni kuchagua cha kumwonyesha msomaji, na hakuna anayedanganywa.

Shahada ya uzamili ina sura mbili. Wasifu ni wako na hulazimiki kuweka kila ulichosoma, hasa pale tangazo linapotaka stashahada. Wapo walioiondoa na wakaitwa usaili ambao wasingeitwa. Ila kampuni nyingi zina fomu ya maombi inayotaka elimu yote, na chini yake unasaini kwamba maelezo ni kamili. Usipoitaja hapo, umesaini uongo, na siku mkikosana ndiyo karatasi itakayotolewa. Kwa usaili huu, kama wasifu uliotuma tayari una shahada hiyo, kuiondoa sasa kutazua maswali tu.

Cha kubadilisha kwa faida zaidi ni mistari iliyo chini ya cheo. Acha "Mhasibu Mkuu" ibaki, maana ndivyo ilivyokuwa na aliyekuwa mwajiri wako atapigiwa simu. Lakini mahali ulipoandika "niliongoza idara" au "nilisimamia bajeti", weka kazi ulizozifanya kwa mkono wako: kuandaa ritani ya VAT na kuiwasilisha kabla ya tarehe 20 ya kila mwezi, kulinganisha risiti za mashine ya EFD na mauzo ya siku, kufuatilia wadaiwa, kukokotoa mishahara. Msaidizi wa hesabu wa kampuni ya vifaa vya ujenzi atafanya hayo hayo, na wateja wa saruji na nondo hukopa sana. Kama umewahi kufuatilia madeni ya wateja mpaka yakalipwa, hicho kiwe juu.

Nywele ni zako. Ukipaka kwa sababu unajisikia vizuri, sawa. Hakuna paneli iliyowahi kuchanganyikiwa na rangi ya nywele huku cheti kiko mezani.

Wapo watakaokwambia ushtaki. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza ubaguzi kazini kwa misingi kadhaa, umri ukiwemo, na kifungu hicho kinamgusa hata mwombaji wa kazi. Mahali pa kuanzia ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Ni haki yako na si aibu kuitumia. Ugumu ni ushahidi: maneno uliyoletewa na mtu wa ndani, ambaye huenda asikubali kuyarudia mbele ya mpatanishi, hayatakufikisha mbali. Tangazo lililoandikwa wazi "umri usiozidi miaka 30" ni jambo zito zaidi, kwa hiyo ukiliona lihifadhi. Kwa upande wa serikali usipoteze muda: matangazo ya Sekretarieti ya Ajira kwa kawaida hutaka umri usiozidi miaka 45, isipokuwa kwa aliyekwisha kuwa mtumishi wa umma.

Rafiki yako anayesema unajidhalilisha, mimi simpuuzi. Nadhani ametumia neno baya kwa wazo lenye maana. Kushuka kuna gharama ambayo haionekani kwenye hundi ya mwisho wa mwezi. Mfano ni pensheni. Kwa miaka 19 ya michango, kama mwajiri alilipa yote, umeshavuka miezi 180 inayotakiwa NSSF. Lakini pensheni yenyewe hukokotolewa kwa wastani wa mishahara ya miaka mitatu bora ndani ya miaka 10 kabla ya kustaafu. Ukistaafu kwa hiari ukiwa na 55, mshahara wako wa zamani bado unaingia kidogo kwenye dirisha hilo. Ukifanya kazi ya laki sita mpaka 60, mshahara huo wa zamani utakuwa umetoka nje ya dirisha kabisa. Nenda ofisi ya NSSF, uombe taarifa ya michango yako kwanza ili ujue kama kuna miezi iliyorukwa, kisha uwaombe wakupigie hesabu za njia zote mbili. Kusubiri cheo nako kuna gharama: mwaka mmoja zaidi bila kazi kwenye wasifu unaleta maswali makali kuliko ngazi iliyoshuka.

Katikati ya njia hizo mbili ipo moja ambayo barua yako haikuitaja. Kampuni zinazofunga mwaka Desemba zina miezi sita ya kuwasilisha ritani ya mwisho ya kodi ya mapato, yaani mpaka mwisho wa Juni. Kuanzia Machi hivi, kampuni ndogo nyingi zinahangaika na hesabu ambazo hazijafungwa, na zinahitaji mtu mzoefu kwa wiki chache, si mfanyakazi wa kudumu. Huko uzoefu wako haumtishi mtu, kwa kuwa kila upande unajua utaondoka. Malipo hayana uhakika, hakuna michango ya NSSF usipojichangia mwenyewe, na wengine hulipa kwa kuchelewa, hivyo ukubaliane nao kwa maandishi na uchukue sehemu ya fedha kabla ya kuanza. Wale wakaguzi vijana waliokuwa wakija na orodha zao ndio wanaojua ni kampuni gani imekwama. Wapigie simu hata kama usaili wa wiki mbili zijazo utakwenda vizuri.

Na ukiwa huko kwenye usaili, mwishoni watakuuliza kama una swali. Waulize nani atakagua kazi yako kila siku, na hesabu za mwaka wanazifunga mwezi gani. Majibu yao yatakuambia kama wanatafuta msaidizi kweli, au wanatafuta mhasibu mkuu wa laki sita. Kama ni hilo la pili, mnakubaliana nini kuhusu cheo, mzigo na mshahara baada ya kipindi cha majaribio ni mazungumzo mengine kabisa, na hapo ni wewe utakayekuwa na haki ya kuogopa.